Sura 28 zote zikarudishwa: uchambuzi wa kitabu cha sauti kilichokosewa tangu kwenye demo

Hiki kisa ni cha dada mmoja mwandishi wa riwaya, jina naliacha, kitabu chake kina maneno kama 62,000 na sura 28. Akatafuta msomaji, akampata, wakarekodi kitabu kizima mpaka mwisho, wakapandisha mafaili yote kwa mpigo, na yote yakarudishwa. Aliponiletea mimi (kazi yangu ni kusafisha na kuhariri sauti) alikuja na swali moja tu, "kaka, hii inasafishika au nimeliwa?" Jibu ni kwamba kuna iliyosafishika na kuna isiyosafishika, ila ukifuatilia kosa lilipoanzia unaishia kwenye siku aliyosikiliza demo ya msomaji akasema huyu huyu, kabla hata neno moja la kitabu halijarekodiwa.

Walikuwa watatu walioleta demo. Wa kwanza mwigizaji wa jukwaani, wa pili kijana anayesoma vizuri tu ila sauti yake ya kawaida, wa tatu mtangazaji wa redio mwenye sauti nzito ile ya kukufanya usimame. Demo ya mtangazaji ilikuwa ya dakika moja na nusu, chini yake kuna muziki, sauti imeshapitishwa kwenye kompresa, yaani kifaa kinachosawazisha sauti kubwa na ndogo, na madoido yote ya redioni. Dada akampenda hapo hapo na kusema kweli hata mimi ningempenda, shida ni kwamba demo ya hivyo haikuambii kitu kuhusu kazi unayotaka kumpa. Muziki umefunika kelele za chumba, kompresa imesawazisha pale alipopungukiwa pumzi, na dakika moja na nusu ni fupi mno kujua kama huyu mtu anaweza kubeba wahusika sita kwa saa kadhaa bila bibi wa sura ya 3 kugeuka kuwa shangazi wa sura ya 17.

Na kuna kitu kingine watu hawakitazami kwa watangazaji, kwamba wamezoea kutangaza. Sentensi ya redio inapanda na kushuka ili imkamate mtu anayepita njia, ina mkazo mwanzo ina mkazo mwisho, sasa msikilizaji wa kitabu hapiti njia, amekaa na wewe masaa, ukimtangazia hivyo dakika ya ishirini ameshachoka na hajui kwa nini. Simaanishi watangazaji wote wako hivyo, wapo wanaojua kushuka wakaongea na mtu mmoja, ila hilo hulijui mpaka umpe kipande cha kitabu chako mwenyewe akisome.

Kwa hiyo majaribio ya msomaji yawe hivi. Mpe kurasa tatu au nne zitakazojaza dakika kama 10, usichague pale palipo pazuri, chagua penye shida, yaani mazungumzo ya watu watatu bila "alisema fulani", majina magumu, tarehe, na pale mhusika anapopaza sauti halafu mstari unaofuata ananong'ona. Sikiliza lafudhi kwenye mazungumzo na kwenye masimulizi, kuna wasomaji wanafanya kila mhusika wa kijijini awe kichekesho hata kama wewe hukumwandika hivyo. Mwambie akutumie faili ghafi la WAV, lisiloguswa na chochote, na mwanzoni akae kimya sekunde 10 kabla ya kuanza kusoma. Zile sekunde 10 za ukimya ndo sehemu muhimu kuliko zote na ndizo ambazo dada yetu hakuziomba, maana pale unasikia chumba chake na unaweza kukipima.

Dakika 10 hizo zina faida nyingine ya hesabu. Mtangazaji alikadiria kitabu kitatoka saa 6 na dakika 40 hivi, kwa sababu alitumia kile kipimo cha maneno 9,300 kwa saa moja ya sauti iliyokamilika, ambacho kinazungushwa kila mahali. Kile kipimo ni cha vitabu vya Kiingereza. Kiswahili neno moja linabeba mengi, "hawakumfahamisha" ni neno moja kwenye hesabu ya kompyuta ila mdomoni lina silabi nane, kwa hiyo maneno yanayotoka kwa saa ni machache zaidi. Nilipochukua dakika 10 za usomaji wake zilikuwa na maneno kama 1,150, zidisha mara sita upate 6,900 kwa saa, gawa 62,000 unakuta saa 9. Na walikubaliana malipo kwa kila saa iliyokamilika, basi unaona ugomvi ulipotokea, dada ana bajeti ya saa karibu 7 na anadaiwa saa 9, na hakuna aliyemwibia mwenzake.

Sasa tuje kwenye mafaili yenyewe. Masharti aliyotakiwa kuyatimiza ni yale yale yanayotangazwa na ACX, jukwaa la Audible la vitabu vya sauti, na sehemu nyingi wanayachukua kama kipimo hata kama hupeleki kitabu huko. Kwenye sauti kuna mambo matatu tu: wastani wa nguvu ya sauti, unaoonekana kwenye programu kama RMS, uwe kati ya -23 na -18 dB, kilele cha juu kabisa kisivuke -3 dB, na kelele ya chinichini pale msomaji akiwa kimya isizidi -60 dB. Kwa asiyezoea hizi namba za hasi, kadiri unavyokaribia sifuri ndo sauti inavyokuwa kubwa, kwa hiyo -20 ni kubwa kuliko -33, na kelele ya -49 ni mbaya kuliko ya -62.

Msomaji alikuwa anapinga kabisa kwamba chumba chake kina kelele. Akanitumia picha ya skrini, kelele imesomeka -62, akaandika "niko chini ya 60 kaka, hao wanatuonea". Na namba yake ilikuwa sahihi kabisa. Ila tazama namba ya pembeni yake kwenye picha hiyo hiyo, sauti yake ya kusoma ilikuwa -33. Ili ifike -20 inabidi uipandishe 13, na ukipandisha sauti huwezi kuiambia kelele ibaki nyuma, nayo inapanda 13 vilevile, inatoka -62 inakuwa -49. Hapo ndo faili linakataliwa. Yaani kelele ya faili ghafi ikiwa peke yake haina maana yoyote, kinachotakiwa ni umbali kati ya sauti yako na kelele yako, na kwa kulenga -20 huo umbali lazima uwe angalau 40, wake ulikuwa 29. Hesabu hii ya kutoa ingefanywa kwenye zile sekunde 10 za majaribio tungejua siku ile ile kwamba kile chumba hakifai.

Yeye alichofanya alipoona -49 ni kile ambacho wengi hufanya, akaweka geti la kelele, ile kifaa ya kwenye programu inayofunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani. Kipimo kikafaulu, tena kikafaulu mno, ukimya ukawa hauna sauti yoyote kabisa. Sasa vaa hedifoni usikilize: anasema "Mzee" na feni inakuja na neno, ananyamaza feni inakatika ghafla, "akainuka" feni inarudi, inakatika. Kila neno linaingia na upepo wake na kuondoka nao. Masikio yanavumilia kelele ndogo isiyobadilika kuliko kelele inayowaka na kuzima hivyo. Halafu kwenye sura nyingine akaacha geti akatumia programu ya kuondoa kelele, akaivuta mpaka mwisho, zile s na sh zikaanza kulialia kama mtu anaongea kutoka ndani ya tenki la maji. Kuondoa kelele kidogo, tuseme dB 6 hivi, kwa kelele isiyobadilika kama ya feni, sawa, mara nyingi haisikiki. Kumi na tano na kuendelea unaanza kula sauti ya mtu.

Kelele yenyewe tuliitafuta ilikotoka. Alikuwa anasoma sebuleni, feni ya laptopu iko kwenye meza ile ile na maiki, na chini kabisa kulikuwa na mngurumo wa umeme unaoonekana kwenye grafu kama mlima mwembamba. Pia kulikuwa na mwangwi, kuta tupu na sakafu ya vigae, na huu ndo ulioniumiza kichwa. Feni unaweza kuipunguza, mngurumo unaweza kuukata, mwangwi ukishaingia kwenye rekodi umeingia, programu zipo zinazojaribu na mtu anatoka na sauti ya simu mbovu. Ukitaka kujua kama chumba kina mwangwi piga kofi moja ukiwa umesimama pale unaposomea, kama unasikia mkia wa kofi baada ya kofi basi na maneno yako yana mkia.

Kubwa kuliko yote lakini lilikuwa umbali wa maiki. Alikaa kama sentimita 60 nyuma kwa sababu akisogea p na b zinapasuka. Ukipunguza umbali wa mdomo na maiki nusu yake sauti inapanda karibu dB 6, ukipunguza nusu tena nyingine 6, wakati kelele ya chumba inabaki pale pale kwa kuwa haijasogea popote. Kutoka 60 kuja 15 ni nusu mara mbili, kwenye karatasi ni 12, kwa chumba chenye mwangwi tulipata kama 9, na hizo 9 ni za bure, hujanunua kitu. Zile p na b dawa yake ni kichujio cha pumzi mbele ya maiki na kuigeuza maiki kidogo pembeni pumzi ipite kando ya uso wake. Ukisogea karibu besi nayo inaongezeka, hasa kwa mwenye sauti nzito kama yake, hiyo tukaikata baadaye kwa kuondoa kila kilicho chini ya 80 Hz, na mngurumo mwingi wa umeme ukaondoka humo humo.

Je abadilishe msomaji? Hili tulilijadili sana na dada. Mimi nilikuwa naegemea yule kijana wa pili mwenye sauti ya kawaida, sababu dakika zake 10 (tulimwomba baadaye, kwa masharti yale niliyosema) zilikuwa safi, wahusika wanatambulika bila vituko, na chumba chake kilikuwa kimya. Dada akasema mtangazaji ameshakijua kitabu, ameshazoea majina, na sura za mwisho mwisho alikuwa ameacha kutangaza ameanza kusimulia. Hilo lilikuwa kweli kabisa, sura ya 22 kuendelea unasikia mtu mwingine. Akabaki naye kwa sharti kwamba anahama sebuleni. Mimi bado naona kijana angemaliza mapema zaidi, lakini kitabu si changu.

Wakahamia chumba kidogo cha nguo, nguo zimening'inia pande mbili, godoro limesimamishwa nyuma ya msomaji (nyuma yake, maana maiki inatazama huko, wengi wanaliweka nyuma ya maiki), laptopu imebaki nje ya mlango, waya tu unaingia. Rekodi ya kwanza ya humo ilitoka sauti -24, kelele -69. Ipandishe 4 ifike -20, kelele inakuwa -65, umbali ni 45, imepita bila geti na bila kuondoa kelele. Maiki ilikuwa ile ile ya sebuleni, nalisema hili kwa sababu dada alishaanza kuulizia bei za maiki mpya.

Kuhusu kilichookoka kwenye zile sura 28 za zamani. Shida ilikuwa msomaji alikuwa anarekodi, anatoa MP3 ya 128 kbps, anafuta WAV ili kuokoa nafasi. Masharti yanataka MP3 ya 192 kbps au zaidi, yenye bitireti isiyobadilika, 44.1 kHz, na kitabu kizima kiwe mono au kizima kiwe stirio, kisichanganywe. Kuichukua MP3 ya 128 ukaigeuza 192 kipimo kitapita ila kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi, unaongeza tu ukubwa wa faili. Kwenye tukio la ugomvi la sura ya 9 sauti ilikuwa imegonga sifuri, vilele vimekatwa bapa kama vimepigwa randa, ile mikwaruzo huwezi kuishusha kwa kupunguza sauti kwa sababu umbo lenyewe limeshaharibika. Mwisho wa siku tulichookoa ni sura chache za mwisho ambazo WAV zake zilikuwepo bado na alikuwa ameshasogea karibu na maiki, na hata hizo ilibidi nijiulize kama zitashikana na mpya za chumbani. Tatu hazikushikana, msikilizaji angesikia kabisa kwamba mtu amehama nyumba katikati ya hadithi. Zikarekodiwa upya na zenyewe.

Kwenye kurekodi upya mambo mawili yalisaidia sana. Kila kikao kinaanza kwa kusikiliza dakika moja ya kikao kilichopita kwenye hedifoni, ndipo anasoma, ili kasi na sauti za wahusika zirudi pale pale, na kila mhusika ana klipu yake fupi ya kumbukumbu kwenye folda. Na kiwango cha kurekodia tukakiweka vilele vyake vya kawaida vicheze karibu na -10, anapopaza sauti bado ana nafasi ya kupanda bila kugonga dari. WAV ya biti 24, na hakuna kufuta kitu mpaka kitabu kiko sokoni.

Usafishaji wangu ulikuwa mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni kukata chini ya 80 Hz, halafu Loudness Normalization ukichagua RMS -20, halafu Limiter, ile inayozuia vilele visipite kiwango, kwenye -3.5, mpangilio uwe huo huo, ukiweka Limiter kabla ya kupandisha sauti vilele vitapaa tena baada yake. Kisha pima. Kuna programu-jalizi ya ACX Check inayokuambia yote matatu kwa mkupuo, na mwenye kupenda kuandika amri anaweza kutumia programu ya ffmpeg kuona wastani na kilele hivi, halafu kutoa faili la mwisho:

```
ffmpeg -i sura_07.wav -af volumedetect -f null -
ffmpeg -i sura_07.wav -ac 1 -ar 44100 -c:a libmp3lame -b:a 192k sura_07.mp3
```

Amri ya kwanza inapima wastani wa faili zima, haikuambii kelele ya ukimya, hiyo chagua mwenyewe kipande cha sekunde moja mbili ambacho msomaji hajavuta hata pumzi ukipime peke yake. Na pale unapokata kikohozi au ukurasa uliogeuzwa usiweke ukimya wa kompyuta, bandika ukimya wa chumba kile kile uliorekodiwa siku ile ile, ndo maana ya kurekodi nusu dakika ya kimya kila kikao.

Mpangilio wa mafaili nao uliwahi kumrudisha dada. Kila sura ni faili moja na inaanza kwa kutaja namba au jina la sura kwa sauti, hakuna faili linalozidi dakika 120, na yeye alikuwa ameunganisha sura mbili ndefu zikafika dakika 134. Utangulizi wa kutaja jina la kitabu, mwandishi na msomaji ni faili lake, na hitimisho ni faili lake. Kuna pia sampuli ya dakika 1 mpaka 5 ya kumvuta mnunuzi, dada alitaka kuweka utangulizi wenye shukrani kwa familia, tukabishana kidogo, ikawekwa sehemu ya sura ya 2 pale mzee anaporudi nyumbani na kukuta mlango umebadilishwa kitasa. Jalada liwe mraba, angalau pikseli 2400 kwa 2400, la kitabu cha karatasi ukilivuta liwe mraba jina linatanuka, linapangwa upya.

Mkataba wa pili waliuandika ukurasa mmoja na nusu. Ulitaja kwamba msomaji anakabidhi WAV ghafi za kila sura, kwamba sura ya kwanza ikikamilika inasafishwa na kupimwa na mwandishi anaikubali kwa maandishi ndipo ya pili inarekodiwa, kwamba makosa ya msomaji anayarudia bure na mwandishi akibadili maneno analipia, na haki za rekodi ni za nani. Kile kipengele cha sura ya kwanza kilifanya kazi, sura ya 1 ilirudiwa mara mbili kwa sababu ya saa ya ukutani iliyokuwa chumba cha pili, haikusikika kwa masikio ila kwenye hedifoni kwenye kila ukimya unaisikia ile tik tik, wakaitoa betri wakaendelea. Awamu ya pili ilipopandishwa lilirudi faili moja tu, sura ya 19, msomaji alikuwa amesoma "sura ya kumi na nane".